Pesa Imekatwa, Tokeni Haijaja: Pa Kuanzia

Hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie tokeni za stima ambazo mtu amelipia kwa simu, pesa ikakatwa, kisha hakuna kilichoingia. Nitashika mita za Kenya Power, kwa kuwa ndizo zilizo majumbani mwetu hapa Mombasa.

Kwanza tuelewane tokeni ni nini. Mita ya kawaida ya kulipia kabla haina mawasiliano na ofisi. Unapolipa, mtambo wa kuuzia stima hutumia nambari ya mita yako kufumba uniti ulizonunua ndani ya tarakimu 20 ambazo mita yako peke yake ndiyo inayoweza kuzifumbua. Wewe ndiwe unayezibeba tarakimu hizo mpaka kwenye mita. Kwa hiyo anayekwambia umtumie mia mbili "aisukume" tokeni iingie kwenye mita ya aina hiyo ni mwizi. Na tokeni isipoonekana, swali la kujiuliza ni hili: imetengenezwa ikapotea njiani, au haijatengenezwa kabisa?

Tuchukue mfano wa mama aliyelipa shilingi 500 saa mbili usiku, uniti zikiwa karibu kwisha. Ujumbe wa M-PESA umeingia, wa tokeni haujaingia. Asikimbilie kupiga simu. Aufungue ule ujumbe wa M-PESA ausome polepole, maana una mambo mawili yanayoamua safari yote.

La kwanza ni jina la aliyepokea pesa. Aliyelipa moja kwa moja kwa nambari 888880 ataona KPLC PREPAID. Lakini wengi siku hizi hununua kupitia programu ya benki au kwa mawakala wa mitandaoni, na hapo jina huwa la benki au la wakala. Hapa ndipo watu huzungushwa bure. Kama pesa iko kwa wakala, ukiwapelekea Kenya Power msimbo wako wa M-PESA hawatauona, kwa sababu malipo hayo hayakuwafikia kwa msimbo huo. Dai lako linaanza kwa aliyetajwa kwenye ujumbe. Yeye ndiye wa kukuonyesha kwamba alikununulia tokeni, au akurudishie pesa.

La pili ni nambari ya mita. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye mita yenyewe, si na ile uliyoikariri. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, hivyo ukikosea tarakimu moja, nambari haiwi halali na tokeni haiwezi kutoka. Kosa linalouma zaidi ni kuandika nambari kamili ya mita nyingine, mara nyingi ya nyumba uliyohama, iliyobaki kwenye simu. Hapo tokeni hutoka vizuri kabisa, ila mita yako huikataa.

Tuseme yote mawili ya huyu mama yako sawa. Sasa apige *977#, aingie kwenye huduma za mita za kulipia kabla, atazame tokeni za karibuni za mita yake. Akiikuta ya leo, yenye kiasi chake, basi ilitengenezwa na ujumbe ndio uliopotea. Aiandike kwenye mita, yamekwisha. Aangalie pia sehemu ya simu iliyoandikwa Spam & blocked, huko jumbe hujificha. Na kama aliyelipa ni mwanawe aliye Nairobi, amuulize kwanza yeye, kwa sababu tokeni huenda kwenye simu iliyolipa.

Asipoikuta, mtambo haujaitengeneza. Mara nyingi ni foleni tu, hasa jioni au mtambo unapokuwa chini, na tokeni hujitokeza yenyewe mtambo ukirudi. Kukipita saa kadhaa kimya, apige 97771 ya Kenya Power akiwa na msimbo wa M-PESA, nambari ya mita, kiasi na saa ya malipo, na aombe nambari ya malalamiko. Kama ameufuta ujumbe, atapata taarifa ya malipo kupitia *334#. Nambari ya siri haiombwi na mhudumu yeyote wa kweli, na tahadharini sana na kurasa za mitandaoni zinazojifanya huduma kwa wateja. Zinamvizia mtu aliyeandika hadharani kwamba tokeni yake haijafika.

Na usiku ule afanyeje? Nikiwa mimi, ningenunua tena kidogo, ya shilingi 100, nipitishe usiku. Ile ya 500 ikija kesho bado itaingia. Mita hukumbuka tokeni zilizokwisha kuingizwa na kuzikataa zikirudiwa, lakini iliyochelewa kwa siku moja au mbili haijatumika, na ataipata kwa uniti zake zote.