Dizeli iliisha saa tano: jinsi nilivyokata jibu langu kwa mgeni aliyetupatia nyota moja

Asante, Mwenyekiti. Ndugu zangu wenye nyumba za wageni, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na Bi Mkubwa pale mbele ameshaanza kutabasamu kwa sababu anajua naanza na jenereta. Naam, naanza na jenereta.

Mgeni mmoja alilala kwetu Jambiani siku nne. Aliporudi kwao akaandika maoni mtandaoni. Nyota moja. Alisema umeme haukuwepo usiku mzima, alilala kwenye jasho, na bahari aliyoiona kwenye picha zetu haikuwepo. "Haikuwepo", ndivyo alivyoandika, kana kwamba tuliikunja tukaiweka stoo.

Niliyasoma saa sita usiku. Kufikia saa saba nilikuwa nimemaliza jibu, maneno zaidi ya 300. Ninayo rasimu hiyo hadi leo. Niliandika kwa Kiingereza, lakini nawapa vipande kwa Kiswahili: "Tunashangaa sana kusoma uongo huu. Jenereta yetu huwaka kila umeme unapokatika! Wageni wengine wote siku hiyo waliridhika. Labda usingelala vibaya kama usingekunywa bia sita. Na kuhusu bahari, mtu yeyote aliyesoma anajua kuna maji kujaa na kupwa." Nilijiona nimemweza.

Mume wangu akaniambia lala kwanza. Asubuhi, kabla ya kugusa neno lolote, nikamwita mlinzi. Hapa ndipo nawaomba mnisikilize, maana watu wanadhani kuhariri jibu ni kutafuta maneno ya upole. Mimi sikuanza na maneno. Nilianza na kumuuliza mlinzi: usiku ule ilikuwaje? Akajikuna kichwa. Umeme ulikatika saa mbili. Akawasha jenereta. Saa tano ikazimika. Kwa nini? Dizeli. Tangi lilikuwa na lita kama 10, na jenereta yetu inakula lita 3 kwa saa. Pigeni hesabu wenyewe. Hakuniamsha kwa sababu aliona watu wamelala. Umeme ulirudi saa tisa.

Kwa hiyo mgeni alizidisha aliposema "usiku mzima". Lakini mimi niliyeandika "huwaka kila umeme unapokatika" ndiye niliyekuwa naelekea kusema uongo hadharani, jina langu likiwa chini yake.

Basi nikachukua kalamu. "Tunashangaa sana" nikakata. Mshangao wangu haumhusu mtu. "Uongo" nikakata. Alama ya mshangao nikakata. Wageni wengine walioridhika nikawakata pia, ingawa lile liliniuma kwa kuwa lilikuwa kweli. Lakini fikirini: mtu ukimwambia mchuzi wako una chumvi, naye akakujibu mbona wenzako wamekula, umepata nini? Bia nikakata haraka, na nikaona haya. Alichokunywa mgeni, chumba alicholala, aliyelala naye, hayo ni amana. Msomaji akiona umemwaga siri ya bia sita, haulizi kama ni kweli. Anajiuliza utamwaga nini chake.

Najua mtaniuliza: na shirika la umeme je? Si wao waliokata? Kila mara kuna mtu ananiuliza hili, tena kwa hasira. Ndiyo, wao. Mimi pia niliandika aya nzima juu yao, nikaifuta. Mgeni hakulipa chumba kwa shirika la umeme. Alinilipa mimi, na kwenye tangazo letu tumeandika kwamba jenereta ipo. Neno moja tu lilibaki: "ulikatika".

Likabaki suala la bahari, na hapo nilikaa muda mrefu. Nyinyi wa mwambao mnajua: siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji upande wetu wa mashariki yanapwa asubuhi mnamo saa nne, tena yanakwenda mbali mpaka wanawake wanatembea hadi kwenye mashamba yao ya mwani. Yanarudi alasiri. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Sisi tumezaliwa nayo. Mtu wa bara, au wa nchi ambako bahari haiendi popote, atayajulia wapi? Picha zetu zote tulipiga maji yamejaa. Hata moja hatukupiga yamekupwa. Sasa nani alimdanganya mwenzake?

Kwa hiyo hapo sikumfundisha mgeni jiografia. Nilitafuta jambo tunaloweza kulifanya, tukalifanya kwanza, ndipo nikaliandika. Tulianza kutuma jedwali la kujaa na kupwa kwa kila mgeni kabla hajasafiri. Vivyo hivyo dizeli: tulinunua madumu, tukaweka lita 60, mlinzi akapewa daftari. Ilichukua siku tatu. Jibu likangoja siku tatu. Usiandike "tutaboresha huduma zetu". Sentensi hiyo nimeiona chini ya malalamiko ya kunguni, ya choo, ya ugomvi wa mapokezi, na haijawahi kumwambia mtu kitu.

Jibu lililotoka ni hili:

"Asante kwa kutuandikia. Usiku ule umeme ulikatika saa mbili, na saa tano jenereta yetu ilizimika kwa sababu dizeli ilikwisha. Umeme ulirudi saa tisa, kwa hiyo ulikaa masaa manne bila feni. Kosa ni letu, tunakuomba radhi. Sasa tunaweka akiba ya lita 60, na mlinzi huikagua kila jioni. Bahari hapa hupwa mara mbili kwa siku, na picha zetu hazikuonyesha hivyo. Tumeongeza picha, na kila mgeni hupata jedwali la maji kabla ya kusafiri."

Chini yake jina langu. Si "Uongozi". Uongozi ni nani?

Kaka mmoja hapa aliwahi kuniambia, "Dada, umekiri kosa, sasa kila mtu atadai arudishiwe pesa." Nilikiri masaa manne. Sikukiri usiku mzima. Mngeniacha na maneno yangu ya hasira, kila msomaji angeamini usiku mzima, kwa sababu sikuwa nimetaja saa hata moja. Nyakati zile tatu, saa mbili, saa tano na saa tisa, ndizo zilizonitetea, na sikulazimika kumwita mtu mwongo. Kama mtu amejeruhiwa au ameibiwa, hilo ni jambo jingine, ongea na wakili kabla hujaandika.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya maoni ya watu ambao hawakulala kwako kabisa. Kwa ufupi, ripoti kwa mtandao wenyewe, na hapo chini sema tu kwamba hujaona kumbukumbu ya ukaaji huo na unaomba akupigie. Nilitaka pia kusema mtu mwingine asome kabla hujatuma, asiwe shemeji yako anayekuogopa. Basi.

Mnaniuliza kila mara kama yule mgeni alibadilisha nyota. Hakubadilisha, wala hakujibu. Lakini baada ya kama mwezi alinipigia mama mmoja kutoka Mbeya, anataka vyumba viwili. Hakuuliza bei. Alisema, "Dizeli ipo?" Nikamwambia lita 60. Akacheka, akaanza kunitajia tarehe.