Broka Kakwambia 81, Hujaibiwa

Nimelisema hili kila nilipopewa maiki hapa Dar na leo nalisema tena, maana wiki iliyopita tu kanipigia mama mmoja wa Mbagala, mwalimu mstaafu, analia. Ana hatifungani ya serikali ya milioni 10, yaani kaikopesha serikali hela hiyo, kuponi, ile riba ya kila mwaka, asilimia 12, bado miaka 20 kuiva arudishiwe hela yake. Kapata shida ya nyumba, kaenda kwa broka auze, kaambiwa bei ya soko ni 81. Yaani kwa kila shilingi 100 iliyoandikwa kwenye hatifungani, mnunuzi anatoa 81. Milioni 10 imekuwa milioni 8 na laki moja! Mama anasema mwanangu, nimeibiwa, serikali imenipunguzia riba.

Nikamuuliza, mama, kuponi yako imeshuka? Milioni 1 na laki 2 kwa mwaka, laki 6 kila miezi 6, imewahi kupungua? Hapana. Basi serikali haijagusa kitu. Kuponi ilifungwa siku hatifungani inatolewa na haitikisiki mpaka iive, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu dunia nje inatikisika.

Sasa tuseme leo mnadani zinatoka hatifungani mpya za miaka 20 zenye kuponi asilimia 15. Mimi nina milioni 10 zangu mkononi. Nikinunua mpya nalipwa milioni 1 na nusu kwa mwaka. Nikinunua ya mama kwa milioni 10 ileile nalipwa milioni 1 na laki 2. Mdeni ni yuleyule serikali, miaka ileile 20. Nani hapa atanunua ya mama? Hakuna. Laki 3 zinapungua kila mwaka, mara 20. Mama hawezi kubadilisha kuponi, hawezi kubadilisha tarehe ya kuiva, kitu pekee anachoweza kusogeza ni bei. Anashusha mpaka mimi niliyenunua kwake nipate asilimia 15 sawa na aliyeenda mnadani. Hiyo asilimia anayopata mnunuzi kwa bei aliyolipa ndiyo yildi. Kuponi ni ya karatasi, yildi ni ya mnunuzi, shikeni hapo.

Najua kuna mtu pale nyuma anapiga hesabu, laki 3 mara 20 ni milioni 6, mbona bei imeshuka milioni 1 na laki 9 tu? Swali zuri sana, na wengi wanaishia hapohapo. Laki 3 ya mwaka wa 20 siyo laki 3 ya leo! Kama hela inazaa asilimia 15 kwa mwaka, laki 3 ya mwakani unaipata kwa kuweka leo kama elfu 261. Ya mwaka wa 20 unaipata kwa kuweka leo elfu 18 na kidogo tu, ikae izae. Zirudishe zote 20 kwenye thamani ya leo hivyohivyo, zijumlishe, unapata karibu milioni 1.88. Toa kwenye milioni 10, inabaki 8.12. Ndiyo ile 81 ya broka! (Hapa nimehesabu kuponi mara moja kwa mwaka ili twende pamoja, ukigawa kwa miezi 6 inasogea kidogo sana.)

Mwingine ataniambia, mimi siuzi, nasubiri iive, kwa hiyo sijapoteza. Milioni 10 yako utalipwa kamili, kweli kabisa, bei inapanda yenyewe kuelekea 100 kadiri tarehe inavyokaribia. Lakini miaka yote hiyo unakula 12 wenzako wanakula 15. Aliyeuza kapoteza kwa mkupuo, wewe unapoteza laki 3 laki 3.

Muda unaniishia, nikimbie. Kama ya mama ingebaki miaka 2 tu, zinazopungua ni laki 3 mbili, bei ingekuwa kama 95. Ndiyo maana namwambia mtu mwenye hela ya ada au ya ujenzi wa karibuni asiende kwenye ya miaka 20 au 25 kwa kuvutiwa na kuponi, maana huko bei inayumba kuliko zote.

Na mambo hugeuka pia. Mwaka 2022 hatifungani mpya za miaka 20 zilishushwa kuponi kutoka asilimia 15.49 mpaka 12.10, na wenye zile za zamani wakawa wanauza juu ya 100, hesabu ileile imepinduliwa.

Mama wa Mbagala mwishowe hakuuza yote. Aliuza ya milioni 3, akapata kama milioni 2 na laki 4 kabla ya kamisheni, paa likaezekwa, na iliyobaki bado inamlipa laki 4 na elfu 20 kila miezi 6.