Msikaze Kabla Hamjajua Kulegeza

Naanza na lile ninalolirudia kila ninapopewa nafasi ya kuzungumza: mwanaume akija na lalamiko kwamba uume hausimami sawasawa, au anamaliza mapema, au ana maumivu ya kinena yasiyoeleweka, asiambiwe akafanye mazoezi ya Kegel, yaani kukaza na kuachia misuli ya sakafu ya nyonga mara nyingi kwa siku, kabla mtu hajapima kama misuli hiyo inaweza kulegea. Naomba mnisikilize hapa, maana ndipo watu wengi wanapoumizwa.

Kunjeni ngumi, kila mmoja wenu. Kazeni, msiachie. Sasa, ngumi ikiwa imekunjwa hivyo hivyo, jaribuni kuongeza nguvu. Mnaona? Hakuna pa kwenda. Vidole vinapauka, kiganja kinaanza kuuma, na nikiwaambia mshike kikombe hamwezi. Endeleeni kuikunja ninapozungumza, mtanielewa upesi.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kwenye kifandugu nyuma. Chini yake kuna misuli midogo inayokumbatia mizizi ya uume. Uume unaposimama, misuli hiyo midogo hukaza na kuibana damu iliyokwisha kuingia, na ndiyo inayouongezea ugumu wa mwisho. Ili ikaze vizuri, lazima iwe imetokea kwenye hali ya kulegea. Ikishinda imekaza kutwa nzima huchoka, haina tena nafasi ya kujivuta, nayo huuma. Kwa hiyo msuli uliobana ni msuli dhaifu. Hilo halipingani na akili hata kidogo, mmeliona kwenye ngumi zenu. Haya, ziachieni.

Kumaliza mapema ni hivyo hivyo. Shahawa husukumwa nje na misuli hiyo hiyo kwa mikazo ya haraka haraka. Mtu ambaye misuli yake iko karibu na mkazo huo hata kabla ya tendo, safari yake ni fupi. Sisemi kwamba kila anayemaliza mapema ana tatizo hili, maana wapo walio hivyo tangu siku ya kwanza kwa sababu nyingine kabisa. Nasema huyu ambaye zamani alikuwa sawa, kisha yakaja pamoja maumivu, mkojo unaochelewa kuanza na kumaliza mapema, apimwe misuli.

Tumchukue mwanaume wa miaka 31, kazi yake ni ya kukaa. Ana maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, yaani msambani, yanayozidi akikaa na kupungua akilala. Akishamwaga, ncha ya uume inawaka kwa saa kadhaa. Mkojo unasita, kisha unatoka kwa kukatikakatika. Anaambiwa ni tezi dume, anapewa antibayotiki. Mkojo unaoteshwa maabara, hakuna mdudu. Anapewa dozi ya pili. Hakuna nafuu, na sasa uume unaanza kulegea katikati ya tendo, ingawa asubuhi anaamka umesimama imara. Shikeni hilo la asubuhi: linaashiria kwamba mishipa ya damu na ya fahamu bado inafanya kazi. Basi anasoma mahali kwamba Kegel huongeza nguvu za kiume, anaanza kukaza mara 100 kwa siku. Baada ya wiki mbili hawezi hata kukaa.

Najua kuna anayejiuliza: kwani Kegel si tiba inayokubalika? Inakubalika. Daktari Arnold Kegel aliyatangaza mazoezi hayo mwaka 1948 kwa wanawake waliolegea misuli na kuvuja mkojo baada ya kujifungua. Mwanaume anayevuja mkojo baada ya kuondolewa tezi dume nayo humsaidia. Hao misuli yao imelegea. Huyu wetu yake imebana. Dawa ya mmoja ni madhara kwa mwingine, na swali la kuwatenganisha ni dogo: ukikaza kisha ukaachia, unausikia msamba ukishuka? Asiyesikia chochote kikishuka, au anayeona hata kukaza kwenyewe ni kama hakuna kinachotokea, huenda misuli iko juu tayari.

Mtaalamu wa fiziotherapia humpima hivi. Kwanza anaeleza na kuomba ridhaa. Kisha, kwa kidole chenye glavu na kilainishi cha kutosha, anapita njia ya haja kubwa na kuugusa msuli upande wa kushoto, halafu wa kulia. Tezi dume haisuguliwi, iko mbele, hatuna kazi nayo. Anatafuta mahali pagumu ambapo pakibonyezwa, mgonjwa anasema, "Hapo hapo! Ndiyo ile inayowaka kwenye ncha." Hapo anashikilia kwa mgandamizo wa wastani, maumivu yasizidi 3 au 4 kati ya 10, kwa sekunde 60 hadi 90, mpaka msuli ulainike chini ya kidole. Anayebonyeza kwa nguvu akidhani anafukuza ugonjwa humfanya mgonjwa abane zaidi.

Lakini kazi kubwa iko nyumbani, nayo ni kupumua. Msicheke, kiwambo cha kifua na sakafu ya nyonga hushuka na kupanda pamoja. Lala chali, miguu ikiwa juu ya kiti, magoti yamekunjwa. Mkono mmoja tumboni, mwingine msambani juu ya nguo. Vuta pumzi puani kwa sekunde 4, tumbo lijae na mbavu zitanuke pembeni, na chini ya mkono wa pili utasikia msamba ukishuka kidogo sana. Toa pumzi kwa sekunde 6 bila kubana chochote. Dakika 5, asubuhi na jioni.

Kosa linaloharibu zoezi hili ni kusukuma. Mtu anataka msamba ushuke upesi, anabana pumzi na kusukuma kama mwenye choo kigumu. Akiacha, msuli unarudi juu kwa kasi na kubana kuliko mwanzo. Dalili ni uso kukaza na pumzi kusimama. Ushushaji unatoka kwenye pumzi inayoingia, basi.

Muda unanibana, kwa hiyo haya nayapitia mbio. Kujinyoosha: lala chali ukivuta magoti kuelekea kwapani, au piga magoti na kukalia visigino huku kifua kikishuka chini, dakika moja au mbili, ukipumua vile vile. Chooni, pandisha miguu kwenye kibao ili magoti yazidi nyonga. Msikae kwenye kiti saa nzima bila kuinuka. Na acheni tabia ya kuingiza tumbo ndani na kubana makalio mkiwa mmesimama tu.

Huyu mwanaume wetu ahesabu wiki 8 hadi 12, si siku. Mara nyingi mkojo ndio hutangulia kufunguka, maumivu ya baada ya kumwaga hufuata, na uume mara nyingi huchelewa, kwa sababu hofu nayo inabana. Kukaza kunaweza kurudi baadaye, kidogo, na kila mkazo ufuatwe na mapumziko marefu kuliko mkazo wenyewe.

La mwisho, na hili msilipeleke kwa fiziotherapia kwanza: homa pamoja na maumivu, damu kwenye mkojo, mkojo kugoma kabisa, korodani kuuma ghafla, au ganzi eneo linalogusa kiti. Hayo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na ambaye uume hausimami hata asubuhi, apimwe sukari, shinikizo la damu na moyo kabla hajahangaika na msamba.