Jenereta Limerudi: Mhadhara juu ya Dhamana, Ukaguzi na Tozo ya Kuchelewa

Ndugu zangu, habari za mchana. Leo nitashika jambo moja tu katika biashara ya kukodisha vifaa: ile nusu saa mteja anaporudisha kifaa na kudai dhamana yake. Ugomvi mwingi wa kazi hii hutokea hapo, ingawa chanzo chake huwa siku za nyuma, kwenye makabidhiano ya kwanza.

Tuchukue jenereta la petroli la wati 2,500, lile dogo la kubebwa na watu wawili. Mteja ameweka oda ya siku tatu, kuanzia Jumatatu saa 3:00 asubuhi hadi Alhamisi saa 3:00 asubuhi. Angalieni kwamba nimetaja saa. Oda iliyoandikwa "Jumatatu hadi Alhamisi" ni mbegu ya ugomvi, kwa sababu mteja ataihesabu Alhamisi nzima kuwa yake, na mwenye kifaa anamsubiri alfajiri. Tuseme kodi ni 100 kwa siku, amelipa 300, na dhamana ni 600. Nataja namba tupu ili kila mmoja aweke fedha anayoitumia.

Mbona 600, na si bei nzima ya jenereta? Dhamana haikukusudiwa kulipia wizi. Wizi hudhibitiwa kwa kitambulisho, mkataba na bima. Kazi ya dhamana ni kufidia uharibifu unaotokea mara kwa mara, pamoja na siku mbili tatu za kuchelewa. Ikiwa kubwa mno wateja waaminifu wanakimbia; ikiwa ndogo kuliko tengenezo la kawaida, anayeharibu anaona nafuu kuiacha kuliko kurudi kuzungumza. Na fedha hiyo bado ni mali ya mteja. Anayeichanganya na mapato ya duka ataanza kutafuta sababu za kuikata siku ambayo droo ni tupu.

Sasa makabidhiano. Kabla jenereta halijatoka, fundi na mteja wanajaza fomu wakiwa wamesimama mbele ya mashine: namba ya mashine, mita ya saa inasoma ngapi, petroli imejaa hadi wapi, oili iko kwenye alama gani ya kijiti. Kisha kasoro zilizopo. Hili letu lina kamba ya kuvutia iliyoanza kuchakaa, na inaandikwa hivyo hivyo. Picha zipigwe pande zote nne, na moja ya karibu kwenye soketi. Wengine huona aibu kuandika kasoro za kifaa chao mbele ya mteja. Wasione. Kasoro iliyoandikwa ndiyo inayofanya mteja aamini sehemu zilizobaki za fomu.

Alhamisi imefika. Jenereta linarudi saa 8:20 mchana. Andika saa ya kufika papo hapo, kabla ya salamu kuwa ndefu. Kuchelewa kunahesabiwa hadi kifaa kilipofika getini, si hadi fundi alipopata nafasi ya kukikagua. Foleni ya duka ni mzigo wa duka.

Ukaguzi unaanza kwa macho, lakini hauishii hapo. Kosa kubwa ni kuvuta kamba, kusikia injini inanguruma, na kurudisha dhamana. Injini inaweza kunguruma vizuri huku upande wa umeme umekufa. Kwa hiyo liwashwe nje, mahali pa wazi, maana moshi wake una sumu inayoua bila harufu ya kuonya. Pima volti kwenye kila soketi. Kwa jenereta la volti 230, ukisoma volti chache tu, huenda kidhibiti cha volti kimeungua au kuna hitilafu katika nyaya za ndani. Kisha liwekee mzigo wa kweli, kama hita ya wati 1,500, kwa dakika 10. Injini isikohoe, volti isianguke sana, na pasiwe na harufu ya kuungua. Mteja akiwepo wakati wa jaribio hili, nusu ya mabishano inakufa.

Katika mfano wetu injini inatoa moshi mweupe wenye rangi ya samawati. Fundi anafungua boksi la chujio la hewa, analikuta limelowa oili. Sababu yake inajulikana: jenereta lililazwa ubavu ndani ya gari, oili ikapanda hadi kwenye chujio na silinda. Soketi moja nayo imebadilika rangi na plastiki imelainika, dalili ya plagi iliyolegea au mzigo uliozidi. Petroli imepungua lita 6. Kamba imechakaa, lakini ilikuwa hivyo, haihesabiwi.

Tupige hesabu. Mkataba unampa mteja saa moja ya msamaha, kisha tozo ya 15 kwa kila saa au sehemu yake, isizidi 150 kwa siku. Amechelewa saa 5 na dakika 20. Toa saa ya msamaha, zinabaki saa 4 na dakika 20, zinahesabiwa 5, yaani 75. Kikomo cha 150 kimewekwa kwa makusudi juu kidogo ya kodi ya siku. Kama kuchelewa kungegharimu sawasawa na kodi, mteja asingekuwa na haja ya kupiga simu mapema kuomba kuongezewa siku, na simu hiyo ndiyo inayomwokoa mteja anayefuata. Anayeomba kabla ya muda kwisha, na kifaa hakina oda nyingine, alipe kodi ya kawaida tu.

Chujio jipya ni 40, lakini msimkate 40. Lilitarajiwa kudumu saa 200 na lilikuwa limetumika saa 80, kwa hiyo uhai uliobaki ni asilimia 60: anakatwa 24. Kumlipisha kipya kwa cha zamani ni kumfanya akununulie vipuri. Kazi ya kusafisha oili ni 20. Petroli, kwa bei ya lita iliyoandikwa kwenye mkataba, 3 kwa lita, ni 18. Jumla 137.

Imebaki soketi, ambayo gharama yake haijulikani mpaka fundi umeme aifungue. Hapa wengi huzuia dhamana yote "mpaka tuone". Sioni haki katika hilo. Zuia kiasi cha juu kinachoweza kufikia tengenezo, tuseme 80, na umrudishie 383 leo, akiwa na karatasi yenye kila kipengele na tarehe ambayo jibu la soketi litatoka. Baada ya siku mbili risiti ya fundi inasema 50. Anarudishiwa 30 siku hiyo hiyo, pamoja na picha ya soketi iliyofunguliwa. Kwa ujumla amekatwa 187, amepokea 413.

Kama dhamana ilizuiwa kwenye kadi badala ya kupokelewa taslimu, kumbukeni kwamba kizuizi hicho huisha chenyewe baada ya siku kadhaa kulingana na benki. Kwa oda ndefu, ulizeni benki ukomo wake kabla ya kuitegemea.

Jambo la mwisho liko kwenye daftari la oda. Ukaguzi niliouelezea unachukua karibu saa moja ukijumlisha kupoa kwa injini na usafi. Basi oda inayofuata ya jenereta hilo isianze saa ile ile nyingine inapoisha. Wekeni pengo la saa 3 kati yake, na mfumo au daftari likatae oda inayoingia ndani ya pengo hilo.