Tatizo Haliitwi "Hatuna Vyerehani"

Ndugu zangu, vitabu vingi vya kuandika maandiko ya miradi huwa na andiko la mfano, na wengi wetu huanzia huko kunakili. Leo naomba turudi nyuma, kwenye sura ya maelezo ya tatizo. Andiko likikosea hapo, bajeti nzuri haiwezi kuliokoa.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kuandika suluhisho kana kwamba ndilo tatizo. Chukueni asasi inayofundisha ushonaji. Walianza na wanafunzi 30, wakamaliza 11. Wakaandika: "Tatizo ni ukosefu wa vyerehani." Wakaomba vyerehani 10. Msomaji wa mfadhili atajiuliza jambo moja tu: vikija hivyo 10, nani atabaki darasani ambaye leo anaondoka? Andiko halijibu.

Tulikaa na asasi hiyo, tukafungua daftari lao la mahudhurio. Wengi walipotea mwezi wa pili wa mafunzo, na siku hizo vyerehani vingine vilikaa bila mtu. Tukawafuata wale 19 walioacha. 12 walisema hawana wa kumwachia mtoto, 4 walikuwa wamepata kazi, na 3 hatukuwapata. Kazi hiyo ilichukua siku nne na haikuhitaji mtaalamu wa utafiti.

Sasa andiko likageuka lote. Tatizo: wanafunzi wenye watoto wadogo huacha mafunzo mwezi wa pili kwa kukosa malezi ya mchana. Shughuli: chumba cha watoto na walezi wawili, saa zile zile za darasa. Vyerehani vilishuka hadi 3, vya kuziba nafasi za vilivyochakaa. Kila mstari wa bajeti ukapata shughuli ya kuegemea. Jenereta, ambayo mtu aliiingiza kwa sababu ilikuwa kwenye andiko la mwaka juzi, haikuegemea popote, tukaifuta.

Sisemi kwamba ukosefu wa vifaa hauwi tatizo kamwe. Kama daftari lingeonyesha wanafunzi wanakaa wakisubiri zamu na kuondoka kwa kuchoka, ningetetea vyerehani 10 bila kusita. Kinachoamua ni ushahidi mlio nao.

Swali la mwisho lilikuwa lengo. Mwenzetu mmoja alitaka tuandike kwamba wote 30 watamaliza, maana inapendeza. Nilikataa. Waliomaliza 11, ukiwajumlisha na 12 wenye watoto, ni 23, na hapo ni kama hakuna mtoto atakayeugua wala mlezi atakayeacha kazi. Tukaandika 20 ndani ya miezi 12, na kipimo chake ni daftari lile lile. Wale 4 waliopata kazi tuliwataja waziwazi, kwa kuwa wa namna hiyo watakuwapo tena mwakani, na chumba cha watoto hakitawazuia kuondoka.