Picha haina maelezo? Fuata mstari wa milima

Karibuni. Hapa tuna picha ya skrini iliyokatwa kutoka kwenye video inayosambaa, haina jina la mahali wala maelezo. Usihangaike na taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kwani picha ikishapita WhatsApp huwa zimeondolewa. Tutafuata kisichohama: milima iliyo nyuma ya watu.

Kwanza tutafute video ndefu zaidi. Kata watu, bakiza nyumba na milima, kisha itafute picha hiyo kwenye Google Lens na kwenye Yandex. Ukiwaacha watu, utaletewa nguo zinazofanana na zao. Ukiipata video, simamisha pale kamera inapogeuka pembeni, piga picha kadhaa za skrini, uziunganishe ziwe mandhari moja pana. Maandishi yakisomeka kinyume, video imegeuzwa. Irudishe kabla ya kuendelea.

Sasa chora mstari unaofuata ukingo wa milima pale inapokutana na anga. Huo ndio utakaoulinganisha.

Tuchukue mfano wa kweli. Julai 2018 ilisambaa video ya askari wakiwapeleka wanawake wawili na watoto wawili kwenda kuwaua. Serikali ya Kamerun ilikanusha kwamba ni askari wake, na wapo waliodai ni Mali. Wachunguzi wa BBC Africa Eye waliona kwamba sekunde 40 za mwanzo zinaonyesha safu ya milima yenye umbo la pekee. Dokezo kutoka kwa mtu wa Kamerun likawapeleka karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali, jirani na mpaka wa Nigeria. Milima ikalingana. Bila dokezo lile wangepekua safu nyingi mno, kwa hiyo nawe punguza eneo kwanza kwa lugha inayosikika, sare, au aina ya nyumba.

Fungua Google Earth Pro, nenda Zelevet, shuka hadi usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Kwenye mipangilio hakikisha `Elevation Exaggeration` ni 1, la sivyo milima itarefuka na utaikataa sehemu iliyo sahihi.

Hapa ndipo wengi hukosea: vilele vikifanana wanatangaza wamepata. Mlima wa mbali hauonekani kubadilika hata ukisogea mita mia kadhaa, kwa hiyo unakupa mwelekeo tu. Sogea kushoto na kulia mpaka kilima cha karibu kiuzibe ule wa mbali vilevile kama kwenye picha. Kisha tazama kwa juu: njia, miti na nyumba za kwenye video zikae mahali pake kwenye picha ya setilaiti.

Nyumba ikikosekana, usiitupe sehemu hiyo bado. Fungua picha za setilaiti za miaka ya nyuma. Pale Zelevet, jengo moja la kwenye video lilionekana hadi Februari 2016, kisha likatoweka.