Barua ya Deni la Ada: Hesabu Kwanza, Pole Baadaye

Walimu wakuu, wahasibu, nanyi wajumbe wa bodi mliokubali kukaa nasi asubuhi hii, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nieleze namna ya kumwandikia mzazi anayedaiwa ada bila kumuumiza, na bila kuzungukazunguka hadi asijue tunataka nini. Sitapita barua za kila aina. Nitabaki na moja, ambayo naiona ngumu kuliko zote: barua kwa mzazi aliyeanza kulipa kisha akakwama. Asiyelipa chochote tangu muhula uanze huyo mwite mzungumze, maana kuna jambo zito ambalo karatasi haitalifikia. Aliyekwama katikati ndiye tunayemwandikia kila muhula, na ndiye tunayemkosea mara nyingi zaidi.

Nianze na kosa langu. Nilipokuwa mhasibu wa shule, nilimwandikia mama mmoja kwamba anadaiwa 138,000. Barua ilikuwa na upole mwingi: tunatambua ugumu wa maisha, tunathamini ushirikiano wako, na mengine ya namna hiyo. Siku ya tatu alikuja ofisini, akaweka mezani hati mbili za benki, moja ya 60,000 na nyingine ya 40,000. Hakusema neno. Mimi kwenye daftari nilikuwa na ile ya 60,000 tu. Ya pili nilikuwa nimeiingiza kwa mtoto mwingine kabisa, kwa sababu siku ya kulipa mama aliandika jina la ukoo peke yake, na shuleni tulikuwa na watoto wawili wa jina hilo wasio na undugu wowote. Nilibahatisha badala ya kuuliza. Kwa hiyo deni lake la kweli lilikuwa 98,000, na mzazi wa yule mtoto mwingine alikuwa akionekana amelipa fedha ambazo hakuzilipa. Ule upole wote wa barua yangu ulimwangukia mama yule kama dhihaka. Tangu siku hiyo siandiki neno la pole kabla ya kuhakikisha tarakimu.

Kuhakikisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache kwa kila mwanafunzi. Chukua ukurasa wake wa ada, taarifa ya benki na nakala za risiti, uvilinganishe hadi tarehe moja unayoichagua. Kisha nenda pale ambapo wengi hawaendi: kwenye malipo yaliyoingia benki bila kujulikana ni ya nani. Kila shule inayo, hata kama haijayatengea ukurasa. Soma kiasi na tarehe. Ukiona fedha imeingia tarehe ambayo mzazi fulani hulipa kila muhula, na kwake safari hii hakuna kitu, mpigie umuulize kabla hujaandika. Dalili nyingine ni mwanafunzi ambaye ukurasa wake unaonyesha amelipa kupita anachodaiwa. Mara nyingi hiyo ziada ni fedha ya mtu mwingine, na mtu huyo ndiye unayetaka kumpelekea barua ya deni.

Sasa tuichukue hesabu ya mama yule tuiandikie barua inavyopaswa. Nitaisoma yote.

"Mzazi wa mwanafunzi namba 214, Kidato cha Pili. Salaam. Tunakuandikia kuhusu ada ya mwanao ambayo bado haijakamilika. Asante kwa malipo mawili uliyokwisha kufanya. Salio la muhula uliopita lilikuwa 48,000, na ada ya muhula huu ni 150,000, jumla 198,000. Tumepokea 60,000 tarehe 12 Januari na 40,000 tarehe 3 Februari, jumla 100,000. Kiasi kilichobaki ni 98,000. Hesabu hii ina malipo yote tuliyoyaona benki hadi tarehe 9 Februari. Kama umelipa baada ya hapo, au kama kuna malipo yako usiyoyaona hapa, tafadhali tuletee hati yake au utupigie, nasi tutarekebisha.

Tunaomba kiasi hiki kikamilike ifikapo tarehe 4 Aprili, kabla ya muhula kufungwa. Ukiweza kulipa chote kwa pamoja, lipa kwenye akaunti ya shule na uandike namba 214 mahali pa maelezo. Kama huwezi kwa sasa, tujulishe kufikia tarehe 20 Februari unaweza kulipa kiasi gani na kwa tarehe zipi. Jaza kipande kilicho chini ya barua hii ukirudishe, au mpigie mhasibu kwa namba iliyoandikwa hapa chini, siku za kazi kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Kama kipato chako kimebadilika kwa ugonjwa, msiba au kupotea kwa kazi, mwombe mwalimu mkuu nafasi ya kuonana naye faragha. Mwanao anaendelea na masomo wakati tunapanga jambo hili."

Hiyo ndiyo barua. Haifiki ukurasa mmoja. Angalieni pole yake imekaa wapi. Imo katika kutaja malipo mawili aliyofanya, kwa tarehe zake, ili ajue jasho lake limeonekana. Imo katika kukubali kwamba hesabu inaweza kuwa na kosa letu. Imo katika ile sentensi ya mwisho kuhusu mtoto. Lakini tahadhari: sentensi hiyo iandikeni tu kama bodi imekubali hivyo. Mkiiandika leo, na wiki ijayo mlinzi akamrudisha mtoto getini, barua zenu zote zitakazofuata hazitasomwa.

Kuna mazoea mawili ningependa tuyaache. La kwanza ni ule mstari usemao, "Kama umeshalipa, puuza barua hii." Mzazi aliyelipa hapaswi kuipuuza. Tunamhitaji aje atuambie, kwa sababu kama amelipa na bado tunamdai, fedha yake imekaa mahali pasipo pake. La pili ni "lipa haraka iwezekanavyo". Kwa mtu asiye na fedha mkononi, maneno hayo hayana tarehe ndani yake. Barua yetu ina tarehe mbili, na kila moja ina kazi yake: 20 Februari ni ya kujibu, 4 Aprili ni ya kumaliza. Mzazi asiyeweza kulipa kufikia tarehe ya kwanza bado anaweza kujibu, na jibu ndilo tunalolitafuta kwanza.

Mama yule nilimwandikia upya kwa namna hii, naye akajibu. Alikuwa akipata fedha kidogo kila wiki, hakuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kama tungempa mpango wetu wa kawaida wa awamu mbili za 49,000, angeshindwa awamu ya kwanza tu, si kwa kukosa nia, bali kwa sababu kiasi hicho hakimfikii mkononi kwa pamoja. Tulikubaliana 14,000 kila Ijumaa kwa wiki 7, na 14,000 mara 7 ni 98,000 kamili. Mhasibu ataandika risiti saba badala ya mbili. Naijua kazi hiyo, nimeifanya, na bado ni nyepesi kuliko kufuatilia deni lililolala mwaka mzima. Kwa hiyo kile kipande cha chini kiacheni wazi: kiasi, tarehe, sahihi. Msikichapishe kikiwa kimejazwa awamu mlizozipenda ninyi.

Lakini huruma ina mpaka wake, na mpaka huo ni bili ya muhula unaofuata. Chukueni mzazi huyohuyo, mmpe wiki 14 za kulipa 7,000. Mnaonekana wema zaidi. Ila muhula utafungwa akiwa amebakisha karibu nusu ya deni, na muhula mpya ukianza, ada mpya ya 150,000 itamwangukia kabla hajalimaliza. Salio lake la 48,000 lilianza hivyohivyo, kwa mtu aliyemwongezea muda bila kumwonyesha kinachokuja. Kama hakuna budi mpango uvuke muhula, mwandikieni waziwazi, kwa tarakimu, atatakiwa kulipa kiasi gani kwa wiki pale ambapo deni la zamani na ada mpya vitakwenda pamoja. Akiiona tarakimu hiyo mapema anaweza kusema hataiweza, na hapo mtazungumzia msaada wa ada au punguzo wakati bado kuna nafasi.

Mwalimu mmoja hapa mbele ameniuliza: je, tusitaje hatua zitakazochukuliwa asipolipa? Tutaje, lakini katika barua ya pili, na tutaje zile tu ambazo sheria ya mahali shule ilipo inaziruhusu na bodi imezipitisha. Barua ya kwanza ikibeba vitisho, mzazi hatafuti njia ya kulipa, anatafuta njia ya kutoonekana. Na kitisho kimoja tu kisichotekelezwa kinawafundisha wazazi wote kwamba tarehe zenu ni za mapambo.

Kuhusu kuifikisha, naomba sana: isipite mikononi mwa mtoto ikiwa wazi. Iwe kwenye bahasha iliyofungwa, nje pawe na jina la mzazi tu, na orodha ya wadaiwa isisomwe mstarini. Mtoto hakusaini fomu ya ada. Ujumbe wa simu useme tu kwamba kuna barua ya mhasibu, bila kutaja kiasi, kwa sababu simu nyingi hushikwa na watu wa nyumba nzima. Na kabla hamjaifunga bahasha, fungueni fomu ya kujiunga muone ni nani aliyesaini kuwa mlipaji. Wazazi wakiwa wametengana, au mtoto akilelewa na mjomba au bibi, barua kwa mtu asiyehusika huanzisha ugomvi nyumbani na deni halisogei.

Mpango ukishakubaliwa, kila risiti iandikwe salio lililobaki. Mama yule alipoleta malipo yake ya tatu, risiti ilisomeka: umelipa 14,000, imebaki 56,000. Wiki ya tano hakulipa. Nilimpigia Jumatatu iliyofuata, nikamuuliza habari ya 14,000 ya Ijumaa, sikuitaja ile 42,000 yote iliyokuwa imebaki. Akasema mwanawe mdogo alilazwa, na kwamba ataleta awamu mbili pamoja Ijumaa inayofuata. Nikaandika tarehe hiyo kando ya jina lake, na Ijumaa ilipofika alileta 28,000.